Naomba ushauri: malipo ya vifurushi vya Mikindani wakati wa ofa

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasambaza vifurushi kwa pikipiki hapa Mtwara mjini, na tangu kampuni itangaze ofa ya kufikisha mzigo siku hiyohiyo kwa bei moja, ninalipwa shilingi 1,500 kwa kila kifurushi, kiwe cha Shangani au cha Mikindani, ambako ni takribani kilomita 10. Pikipiki yangu hutumia lita moja kwa kilomita 40 hivi, kwa hiyo kwenda Mikindani na kurudi humaliza nusu lita, yaani karibu malipo yote ya kifurushi kimoja (foleni ya sokoni sijaihesabu). Nikisubiri vifike vitatu, faida huonekana, lakini mteja wa kwanza hulalamika kucheleweshwa. Je, niombe malipo kwa umbali, au nipendekeze nyakati mbili maalumu kwa siku za kupeleka Mikindani?