Tupeane uzoefu: modeli inapatia zaidi, lakini hasara ya krosi-entropi inapanda

Shamba_la_Kodi
Wakuu, salaam. Nafundisha modeli kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Data ni zile picha elfu 21 na ushee kutoka Uganda ambazo watu wa Makerere waliziweka Kaggle mwaka 2020. Makundi ni 5: batobato, michirizi ya kahawia na wenzake wawili, la tano ni majani mazima.

Nimetenga picha 100 za kupimia. Raundi ya 6 ilipatia 84, hasara 0.38. Raundi ya 20 imepatia 86, hasara 0.98. Alama zimeongezeka, hasara imezidi maradufu! Nilidhani nimekosea kuandika namba, nikarudia, mambo ni yale yale. Aliyewahi kukutwa na hili atueleze lilimwishiaje.

BabaAisha
Mkuu, hiyo ni mkeka. Unaweka mechi 14, zinatiki 13, moja inachana mkeka mzima. Krosi-entropi nayo ni hivyo hivyo, picha moja ikikosewa umekwisha.

Mama_Lojiti
BabaAisha umekaribia, ila umeruka kitu. Mkeka hauulizi ulikuwa na uhakika kiasi gani, unachana tu. Krosi-entropi inaangalia jambo moja: jibu sahihi ulilipa uwezekano gani? Basi. Makundi mengine hayatazamwi moja kwa moja.

Ila mkeka unazidisha odds, na hapo kwenye kuzidisha ndipo ulipogusa. Ukitaka kujua modeli inaiamini data nzima kiasi gani, unazidisha uwezekano iliotoa kwa jibu sahihi la kila picha. Maelfu zikizidishwa, namba inakuwa ndogo mpaka kompyuta inaisoma sifuri. Logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na alama ya kutoa inaigeuza kuwa hasara. Picha moja ikipewa 0.001, zao lote linapunguzwa mara elfu, hata hizo 99 zingekuwa safi.

```python
-np.log([0.9, 0.5, 0.1, 0.001])
# 0.105  0.693  2.303  6.908
```

Shamba_la_Kodi, chapisha uwezekano wa jibu sahihi kwa zile picha 14 ulizokosa. Nahisi najua utakachokuta.

Kidato_cha_Nne_2009
Samahani wakuu, sisi tulifundishwa log ya 0.001 ni baa 3. Hiyo 6.9 mnaitoa wapi? Au four figure zenu ni za nchi nyingine?

Mama_Lojiti
😂 Kaka, hiyo yako ni ya kizio 10, hii ni logi asilia. Zidisha 3 kwa 2.303 utaipata 6.9. Ukitumia ya kwako modeli itajifunza vilevile, ni kipimo tu kimebadilika, kama kupima unga kwa kilo au kwa debe.

Shamba_la_Kodi
Nimechapisha. Raundi ya 6: zilizopatiwa zilikuwa kwenye 0.80 hivi, zilizokosewa kwenye 0.30. Raundi ya 20: zilizopatiwa 0.99, zilizokosewa 14 zote zimeganda karibu na 0.001. Dada umepiga ramli?

Mama_Lojiti
Ramli ya kikokotoo. Raundi ya 6, picha 84 mara 0.223 ni 18.7, na 16 mara 1.204 ni 19.3. Jumla 38, gawanya kwa 100 ni 0.38. Raundi ya 20, zile 86 zote kwa pamoja zinachangia 0.86 tu. Zile 14, kila moja 6.9, zinaleta 96.7. Gawanya, 0.98.

Yaani karibu hasara yako yote iko kwenye picha 14. Modeli haijawa mbumbumbu, imekuwa mbishi. Zamani ilikosea ikiwa na shaka, sasa inakosea huku ikiapa.

BabaAisha
Sasa nimeelewa. Kwa hiyo picha ya 6.9 inaisukuma modeli mara 66 kuliko ile ya 0.105, ndiyo maana inajirekebisha haraka.

Mzee_wa_Kalkulasi
Hapana kijana. Hapo wengi wanateleza, na mimi niliteleza miaka miwili nikiwa nafundisha hili.

Kinachosukuma uzito ni mteremko, wala si ukubwa wa hasara. Ukiufuata mpaka kwenye lojiti, yaani alama ghafi kabla ya `softmax` kuzigeuza kuwa uwezekano, mteremko wa jibu sahihi ni uwezekano wake, p, kutoa 1. Picha ya 0.001 inasukuma kwa 0.999. Picha ya 0.9 inasukuma kwa 0.1. Ni mara 10, si 66, na haiwezi kamwe kuzidi 1.

Utauliza, sasa ukali wa logi umekwenda wapi? Umetumika njiani. `softmax` ikishajiamini inakufa ganzi: ukiigusa lojiti, p inatikisika kwa p mara (1 − p), ambayo kwenye 0.001 ni kama 0.001. Mteremko wa logi hapo ni 1 gawanya kwa p, yaani 1000. Elfu ikikutana na moja ya elfu, zinafutana, msukumo mzima unabaki.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa ya makundi mawili, nikatumia hasara ya kipeo cha pili. Pale hakuna hiyo 1000 ya kufuta ganzi. Jibu lililokosewa kwa 0.001 linasukuma kwa 0.002 hivi. Picha ambazo modeli ilizikosea vibaya kuliko zote ndizo hazikusogea. Niliacha mashine ikiwaka usiku mzima, asubuhi nikakuta ziko pale pale.

NeemaPy
Yangu ni kinyume cha mtoa mada. Hasara iligoma kushuka chini ya 0.905. Makundi 5 kama yeye. Nilibadilisha kila kitu, kumbe niliandika hivi:

```python
loss = nn.CrossEntropyLoss()(torch.softmax(z, dim=1), y)
```

Hiyo `CrossEntropyLoss` inapiga `softmax` yenyewe ndani, inataka lojiti ghafi. Mimi nikaipigia mara mbili. Hata modeli ikiwa na uhakika kamili na jibu sahihi, `softmax` ya pili inalishusha hadi 0.405, na logi yake ndiyo hiyo 0.905. Ikikosea kwa uhakika kamili, hasara inaishia 1.905. Ule ukali wote nikawa nimeufunga kamba bila kujua. Na haileti kosa lolote kwenye skrini!

Shamba_la_Kodi
Nimekagua, yangu haina hiyo. Sasa hizi 14 nifanyeje? Kuna mtu kaniambia niweke `label_smoothing=0.1`.

Mama_Lojiti
Kulainisha lebo hivyo kutakusaidia. Kwa makundi 5 lengo la jibu sahihi linakuwa 0.92 badala ya 1, kwa hiyo modeli ikiapa kupita hapo inaanza kulipa. Au rudi raundi ya 6 au ya 8 usimamishe hapo.

Mzee_wa_Kalkulasi
Mimi sikubaliani, si kwa kuanzia. Data ile inajulikana kuwa na lebo zenye makosa. Hasara ya 6.9 inaweza kumaanisha modeli imekosea, au imepatia na aliyeweka lebo ndiye aliyekosea. Panga picha kwa hasara, kubwa juu, uzitazame kwa macho kabla hujalainisha chochote. Ukilainisha kwanza unaficha ushahidi.

Mama_Lojiti
Mzee, picha 14 za kupimia sawa. Za kufundishia zaidi ya elfu 20 atazitazama lini? Na lebo mbovu ikiwa upande wa kufundishia, ile 0.999 inasukuma kila raundi mpaka modeli inakariri uongo.

Shamba_la_Kodi
Nimezifungua zote 14. Tano ni makosa ya modeli kabisa, hata mimi naona batobato. Sita nimezituma kwa shemeji yangu bwana shamba, anasema lebo si sahihi. Tatu zilizobaki yeye mwenyewe hawezi kusema, jani limepigwa picha kwenye kivuli. Hizo tatu niziwekee lebo gani?