Naomba ushauri: nauzaje hisa 5,000 wakati wanunuzi ni wachache hivi?

Habari wakuu. Nina hisa 5,000 za kampuni moja ndogo pale soko la hisa la Dar es Salaam, DSE, nataka kuziuza. Bei ya mwisho inaonyesha 420, nikajihesabia milioni 2.1. Kumbe hiyo ni bei ya biashara iliyokwisha kupita.

Nimefungua kitabu cha oda. Muuzaji wa bei ya chini kabisa anataka 440, mnunuzi wa bei ya juu anatoa 400. Pengo la shilingi 40, karibu asilimia 10! Tena huyo wa 400 anataka hisa 600 tu. Chini yake kuna 1,400 kwa 385, kisha 3,000 kwa 360. Nikiuza zote kwa mpigo nitapata 1,859,000, yaani wastani wa 371.8 kwa hisa. Nimeelewa sasa maana ya ukwasi mdogo.

Dalali anasema niweke oda ya bei maalumu, 425, nisubiri. Naogopa wauzaji wengine watashuka chini yangu. Ada ya shule inadaiwa baada ya wiki tatu. Nigawe oda vipande vipande, au niuze 600 kwanza nione kama mnunuzi mwingine atajitokeza pale pale 400?