Mrejesho: daftari la michango ya kikundi

Niliuliza: "Daftari letu lina ukurasa kwa kila wiki. Nitapataje salio la kila mwanachama?"

Nimelihamishia kwenye lahajedwali, na kila mchango sasa una mstari wake: safu A mwanachama, B tarehe, C kiasi, D salio. Kwenye D2 weka hii, kisha ivute hadi chini:

```
=SUMIFS(C$2:C2,A$2:A2,A2)
```

Mwanachama 07 alitoa 5,000, 5,000, kisha 10,000, lakini salio liliganda kwenye 10,000. Kumbe kiasi cha mwisho kilinakiliwa "10,000/=" kama kilivyo daftarini, na fomula huruka maandishi. Utakitambua: kimeegemea kushoto mwa kisanduku. Andika 10000 tupu, salio litasoma 20,000.

Tumieni namba badala ya majina; "Mama Asha" na "Mama Asha M." huhesabiwa watu wawili.