Kifaa cha umeme cha kipandauso: cha paji la uso au cha mkononi? Nipo Lindi

Msafiri wa Ng'apa: Wakuu habari za jioni. Mke wangu anasumbuliwa na kipandauso miaka mingi. Shemeji yangu yupo Ulaya, anarudi mwezi ujao, ameniambia anaweza kutuletea kifaa kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni Cefaly, kinabandikwa kwenye paji la uso. Cha pili ni Nerivio, kinafungwa mkono wa juu na kuendeshwa kwa simu. Bei zote ni za kuumiza, kwa hiyo siwezi kununua viwili. Nichukue kipi? Aliyewahi kutumia aniambie.

Bi Mikindani: Mkuu, hujasema anaumwa siku ngapi kwa mwezi, anatumia dawa gani, ana mimba au hana, ana kifaa chochote cha moyo au hana. Sasa tukujibu nini?

Korosho Pori: Kaka usipoteze hela. Hizo ni TENS tu, zile mashine za umeme za mgongo, zipo Kariakoo kwa bei ya kawaida. Umeme ni umeme. Na hicho cha mkono sikielewi kabisa, kichwa kinauma unafunga mkono?

Fizio wa Kusini: Korosho Pori, una hoja kwa nusu. Cefaly kweli ni ndugu wa TENS: inatuma mapigo madogo ya umeme kupita kwenye ngozi. Tofauti ni kwamba pedi yake imeumbwa kukaa katikati ya nyusi, juu ya matawi ya neva yanayopanda paji la uso, na mapigo yamepangwa kwa ajili ya hapo. Mashine ya mgongo ina nguvu iliyokusudiwa misuli mikubwa. Mimi nazitumia kila siku kazini na siwezi kumwekea mtu usoni.

Huo mkono nao una maelezo yake. Ubongo una njia ya kupunguza maumivu sehemu nyingine ya mwili pale unapopokea ishara kali kutoka mahali fulani. Nerivio inachokoza neva ndogo za mkono kwa nguvu inayosikika sana lakini isiyofikia kuuma, na shina la ubongo linajibu kwa kushusha maumivu, yakiwemo ya kichwa. Kwa hiyo anayeiweka chini sana kwa kuogopa hapati kitu. Inatumika dakika 45, na inatakiwa uanze mapema, ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze.

Mama Nachingwea: Samahani jamani, hiki cha mkono kinafaa kwa mama yangu? Alipata kiharusi, mkono wa kulia hausogei.

Fizio wa Kusini: Hapana mama, hicho ni cha kipandauso tu, hakiamshi mkono uliopooza. Mpeleke mama kliniki ya fiziotherapia mapema, mazoezi ya mwanzoni yana maana sana. Fungua uzi mwingine nikueleze vizuri.

Msafiri wa Ng'apa: Bi Mikindani asante. Mke wangu ana miaka 34, hana mimba, hana kifaa cha moyo. Kichwa kinampanda kama siku 12 kwa mwezi, upande mmoja, anatapika, hataki mwanga. Presha ilipimwa, ipo sawa.

Bi Mikindani: Na dawa?

Chumvi ya Bahari: Nielezee yangu ndiyo mjue. Mimi niliwahi kupata hicho cha paji la uso, kilikuwa halisi, ndugu alikileta. Mwanzoni nilikipenda. Unakibandika jioni dakika 20, paji linatetema kama sisimizi wanatembea, baadaye unasinzia vizuri. Nikaona vichwa vinapungua kidogo. Shida ikaja kwenye pedi. Zile pedi zina jeli ya kunata, na pedi moja ni ya matumizi 20 hivi. Huku kwetu kuna jasho, na mimi napaka mafuta ya nazi usoni tangu utoto, kwa hiyo zangu zilichakaa haraka zaidi. Zilizokuja na kifaa zikaisha, za kuagiza zikakaa njiani, zilipofika nilitakiwa kulipia zaidi ya nilivyotarajia. Kwa kusubiri nikawa nabandika ile iliyokauka, naishikilia kwa plasta. Siku moja nikahisi mchomo mkali sehemu moja tu, kama sindano ya moto. Nikabandua, nikakuta alama nyekundu pale juu ya nyusi. Ikakaa muda mrefu, na watu wakaniuliza nimepigwa na nini. Kifaa bado kipo kabatini, kinachaji vizuri, ila hakina pedi.

Fizio wa Kusini: Pole sana dada. Hicho kilichokupata kina sababu. Jeli ikiwa nzima, umeme unasambaa kwenye pedi yote. Ikikauka, inagusa ngozi sehemu ndogo tu, na umeme uleule unapita hapo penyewe, ndiyo maana ulihisi sindano. Ukianza kuhisi mchomo wa sehemu moja badala ya mtetemo mpana, zima na bandua. Kabla ya kubandika, paji lioshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, likauke. Wapo pia watu wanaopata mzio wa jeli yenyewe hata ikiwa mpya.

Na Msafiri, piga hesabu hapo. Cefaly ya kuzuia hutumika kila siku. Pedi moja kwa siku 20 ina maana pedi 18 hivi kwa mwaka, zote kutoka nje. Nerivio nayo haina pedi za kubadili, ila kifaa kizima kina idadi ya matibabu, mara nyingi 18, kisha kinaisha na unanunua kingine. Kwa siku 12 za kichwa, mwezi mmoja na nusu umekwisha.

Korosho Pori: Mnaona? Biashara ya kuwakamua watu. Halafu hakuna ushahidi wowote.

Fizio wa Kusini: Ushahidi upo, ila tuuseme ulivyo. Jaribio la Ubelgiji lililochapishwa mwaka 2013 lilikuwa na watu 67, nusu walipewa Cefaly halisi, nusu bandia, miezi mitatu. Waliopewa halisi walishuka kutoka karibu siku 7 za kipandauso kwa mwezi hadi karibu 5. Wa bandia karibu hawakubadilika. Kwa hiyo tunazungumzia siku mbili kwa mwezi. Na jaribio lenyewe ni dogo, tena bandia ilitoa umeme hafifu mno, mtu angeweza kukisia kapewa ipi.

Baadaye wakaijaribu kutibu shambulio lenyewe, saa mbili mfululizo, watu zaidi ya 500, matokeo yakatoka 2022. Baada ya saa mbili, kati ya kila watu 100 waliotumia halisi, 25 hawakuwa na maumivu kabisa. Wa bandia 18. Tofauti ni watu 7.

Nerivio ilijaribiwa kwa watu 252, matokeo yalitoka 2019: waliopona kabisa saa mbili baadaye ni 37 kwa 100 dhidi ya 18. Hapo tofauti ni kubwa zaidi, na bandia yao ilisikika mkononi, kwa hiyo kukisia ilikuwa vigumu kidogo. Majaribio haya mawili ya mwisho yaligharamiwa na watengenezaji wenyewe. Hayajalinganisha Cefaly na Nerivio ana kwa ana, kwa hiyo huwezi kuchukua 37 ukaiweka kando ya 25 ukasema mshindi kapatikana.

Bi Mikindani: Msafiri, bado hujajibu kuhusu dawa. Ni muhimu kuliko kifaa.

Msafiri wa Ng'apa: Nisamehe dada, nilikuwa shamba. Anatumia diklofenaki, na parasetamoli zile za kuchanganywa. Nimemuuliza sasa hivi, anasema karibu siku nne kila wiki, wakati mwingine tano, maana akihisi tu kinataka kuanza anameza.

Bi Mikindani: Haya sasa. Siku nne kwa wiki ni siku 16, 17 kwa mwezi. Mtu wa kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu na kuendelea, dawa zenyewe zinaanza kuzalisha maumivu ya kichwa. Kwa zile zenye kafeini au kodeini ndani, kikomo ni siku 10 tu. Angalia kwenye paketi ya hizo za kuchanganywa. Mimi ni muuguzi, naliona hili kila mara: mtu anaamka na kichwa asubuhi, anameza, mchana kinatulia, kesho yake tena.

Fizio wa Kusini: Na hapo ndipo majaribio yanapomwacha mke wako nje, Msafiri. Lile la Ubelgiji liliwakataa wenye tatizo la kuzidisha dawa. Yale mengine mawili yalichukua watu wa siku au mashambulio 2 hadi 8 kwa mwezi. Mke wako ana 12. Zile 37 na 25 si za mtu kama yeye.

Msafiri wa Ng'apa: Kwa hiyo nisinunue?

Bi Mikindani: Mpeleke kwanza kwa daktari akiwa na kalenda ya mwezi mzima: siku za kichwa upande mmoja, siku za dawa upande mwingine. Atapangiwa jinsi ya kuziacha, asizikate mwenyewe nyumbani kama kuna kodeini. Na aulize dawa za kuzuia, propranololi au amitriptilini. Zipo huku huku kwetu na bei yake ni ndogo. Ana pumu?

Msafiri wa Ng'apa: Utotoni aliwahi kuwa nayo.

Bi Mikindani: Basi amwambie daktari hilo kabla ya kitu kingine, propranololi inaweza kumbana kifua.

Chumvi ya Bahari: Mimi bado namtetea mwenye kutaka kifaa. Si kila mtu anavumilia dawa. Amitriptilini ilinifanya nilale mpaka saa nne na mdomo mkavu kama mchanga wa Msimbati. Kifaa angalau hakikuingia tumboni mwangu.

Fizio wa Kusini: Ni kweli dada, na kwa mtu asiyeweza dawa ni njia halali kabisa. Msafiri, ukiamua baadaye, mwambie shemeji aulize kama duka linakubali kurudishiwa. Kuna kundi la watu zaidi ya 2,300 waliokodi Cefaly kabla ya kununua, na karibu nusu waliirudisha. Wengi wa waliorudisha hawakuitumia hata muda uliopangwa.

Korosho Pori: Mnasahau salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho kijiji kizima kinaumwa kichwa. Yeye anakaa karibu na mashamba?

Msafiri wa Ng'apa: Tunakaa katikati kabisa ya mikorosho, na Juni na Julai ndiyo inazidi.

Korosho Pori: Ndiyo hiyo. Ahamie mjini msimu wa salfa.

Bi Mikindani: Harufu kali inaweza kuchokoza kipandauso, sikatai. Ila vichwa vyake ni vya mwaka mzima. Aandike kwenye kalenda hiyohiyo siku za kupulizia, tuone.

Mpita Njia Masasi: Na huo mzigo wa shemeji kwenye uwanja wa ndege mmeufikiria? Kifaa tiba, ulizeni TMDA mapema kama kuna karatasi za kujaza.

Msafiri wa Ng'apa: Sijauliza. Shemeji anataka jibu kabla ya Ijumaa, na mke wangu anasema anataka cha mkononi kwa sababu hakionekani chini ya khanga. Kesho tunaanza na daktari, nitarudi hapa.

Chumvi ya Bahari: Kama atachukua cha paji, pedi aagize nyingi mara moja. Na mwenye pedi za ziada huku Kusini anitafute.