Mrejesho: Nimerudi kazini, nafasi yangu ina mtu

"Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, nakuta aliyenishikia kazi bado ndiye anayeulizwa kila kitu. Nifanyeje bila kugombana naye?"

Wakuu, asanteni. Nilianza kwa meneja kama mlivyoshauri. Nilimwomba atume barua pepe fupi kwa timu nzima: kuanzia Jumatatu ripoti ya mwezi na wateja wakubwa vinarudi kwangu, mafunzo ya wafanyakazi wapya yanabaki kwa mwenzangu. Hayo ameyamudu kunishinda, sioni sababu ya kumnyang'anya.

Watu waliendelea kumfuata yeye. Mazoea tu. Tukakubaliana akiulizwa jambo langu asijibu, hata kama jibu analo. Amwelekeze muulizaji kwangu. Kumbe kikwazo kikubwa kilikuwa kwenye mfumo: idhini za malipo ya wateja wangu bado zilikuwa zinaingia kwake, kwa hiyo kila faili lilimrudia. Zilipohamishwa, maswali yakaanza kunifuata yenyewe.

Vikaoni bado nasikiliza zaidi. Wakitaja uamuzi uliopita nikiwa sipo, naandika pembeni, kisha namuuliza mmoja wao kwa nini waliupitisha, kabla sijapinga. Uamuzi mmoja niliokuwa nimepania kuupinga ulikuwa na sababu nzuri tu.