Mrejesho: ujumbe kwa bosi wa zamani

Niliuliza: “Nimemuuguza mama miaka 5, nataka kurudi kwenye uhasibu. Pengo hilo nimwelezeje bosi wangu wa zamani?”

Wadau, ujumbe wa kwanza niliujaza habari za kiharusi na kliniki. Akajibu “pole sana”, basi. Kosa langu, nilimpa cha kunihurumia, sikumpa cha kujibu. Nikaandika upya:

“Shikamoo bosi. Niliacha kazi kumuuguza mama. Sasa dada yuko naye, niko huru siku zote za kazi. Tangu Januari naandaa ritani za kodi za duka moja Kariakoo. Naomba dakika 15 unieleze ofisi za sasa zinatafuta nini.”

Jioni akapiga. Nafasi hana, ila kaniunganisha na rafiki yake Ilala. Jumatatu naanza, majaribio miezi 3.