Chalii wangu kagoma dei kea wiki ya pili, naombeni ushauri nimhamishie wapi (Arusha)

MamaChalii_Sakina
Wadau habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana nimechanganyikiwa. Chalii wangu ana miaka miwili na miezi minne, nimemwanzisha dei kea Julai hii hapa hapa Sakina. Wiki ya kwanza alienda vizuri tu, halii, hadi majirani wakawa wanashangaa. Wiki ya pili ikawa balaa. Analia mpaka anatapika, hataki kulala, nyumbani kaning'ang'ania hata nikienda chooni lazima niache mlango wazi, na alikuwa ameshaacha pampasi mchana sasa anajikojolea tena. Nimeshaona walimu wa pale hawako siriasi. Naulizia dei kea nzuri kuanzia Sakina mpaka Ngaramtoni, au hata Njiro, isizidi laki nne kwa muhula na iwe na usafiri.

Chalii_wa_Moshono
Njiro kwa laki nne na usafiri juu? Labda wamfuate na guta.

BibiHaruni_Moshi
Miaka miwili anaenda shule kufanya nini jamani. Enzi zetu unapitisha mkono juu ya kichwa, usipogusa sikio la upande wa pili unarudishwa nyumbani ukachunge mbuzi. Na serikali yenyewe hairuhusu mtoto chini ya miaka mitano. Mnawachosha watoto halafu mnauliza kwa nini wanalia.

MamaPacha_Usa
Pole mwaya. Mimi wangu wawili walinitoa jasho, mmoja analia na mwingine anamlilia aliyelia. Dawa ni moja, unasubiri akolee kwenye mchezo unachomoka kimya kimya, ukimuaga ndo unamwamsha mashetani. Wanalia dakika kumi basi. Wangu walizoea, ingawa huyo Kulwa mpaka leo yuko darasa la pili nikiingia dukani nje ya shule anakuja kuhakikisha bado nipo. Na mafua ya Julai mama jiandae, mwezi wa kwanza ni kamasi tu.

Ticha_Pasua
Bibi Haruni shikamoo. Miaka mitano ni ya darasa la awali. Hawa wadogo wako kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, vinasajiliwa Ustawi wa Jamii na vimo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa hiyo mama hajavunja sheria, ila aulize kama kituo chake kimesajiliwa.

Mama Chalii, kabla ya kuhama nijibu. Analia saa ngapi hasa? Ukimwacha asubuhi, au baadaye? Anayelia getini na kunyamaza ukishaondoka ana lake, na anayeshinda vizuri halafu akaharibika mchana ana lake. Na kabla ya shule alikuwa anashinda na nani?

MamaChalii_Sakina
Asubuhi halii, anaingia mwenyewe anakimbilia vigari. Anakunywa uji, anacheza, mchana anakula. Wakianza kutandika magodoro, kama saa sita na nusu, ndo shughuli inaanza. Akiona godoro tu anakimbilia mlangoni anagonga. Ndo maana nasema kuna kitu wanamfanya wakati wa kulala.

Mangi_Kibosho
Hapo usiulize mtandaoni, nenda polisi dawati la jinsia na watoto kesho asubuhi.

Ticha_Pasua
Hilo lazima liangaliwe, silipuuzi. Nenda bila taarifa wakati wa magodoro, usimame mahali unapoona. Ukimwogesha mwangalie mwili. Angalia kama kuna mtu mmoja anamwogopa hata mkikutana naye barabarani. Ukikuta dalili, fanya alivyosema Mangi.

Lakini swali langu la pili umeliruka. Na wiki ya kwanza alikuwa analala pale? Nani alikuwa anamlaza?

Chalii_wa_Moshono
Kimya. Mama kaenda kutandika godoro.

MamaChalii_Sakina
Samahani nilikuwa kibandani, nauza nguo Kilombero. Wiki ya kwanza alikuwa anashinda naye dada wa kazi, walimu walimruhusu akae ndani ili mtoto azoee. Ndo alikuwa anamlaza. Ijumaa akamlaza akaondoka.

Ticha_Pasua
Akaondoka shuleni au akaondoka kwako?

MamaChalii_Sakina
Kwangu. Alikwenda kwao Kondoa. Tulikubaliana aondoke mtoto akiwa amelala ili asione mabegi akaanza kulia. Na naomba msinihukumu, dada na ada siwezi kuvilipa vyote kwa pamoja, tuwe wakweli. Alikuwa naye tangu ana miezi mitatu sawa, lakini mama ni mimi, na mtoto mdogo anasahau. Halafu shule nyingine nimeshalipia fomu, hapa nilikuwa nataka kujiridhisha tu. Nafasi ikikosekana nampeleka kwa bibi yake Rombo mpaka Januari.

MamaPacha_Usa
Weeee. Kumbe.

Ticha_Pasua
Sasa tunaelewana. Jiweke kwenye akili ya huyo mtoto. Alilala kwenye lile godoro dada akiwa pembeni, alipofumbua macho dada hayupo, akarudi nyumbani hayupo, hadi leo hajamwona. Kwa anavyoona yeye, ukilala pale watu wanapotea. Kwa hiyo asubuhi hana shida na shule, anapigana na usingizi. Na chooni anakufuata kwa sababu hiyo hiyo, hataki upotee na wewe.

Shule mpya nayo ina magodoro, pamoja na sura za watu asiowajua. Rombo ndo kabisa, anakukosa na wewe.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza mchukue akishamaliza kula, kabla godoro halijatoka. Usiende dirishani kumchungulia katikati. Asubuhi muage usoni, maneno machache, usimwambie saa maana saa haijui, mwambie "mama anakuja ukimaliza kula", na ukishasema hivyo uwepo mlangoni anaponawa mikono. Ukichelewa hapo unaanza upya. Akishakuwa anakula bila kuangalia mlango, kaa naye wakati wa magodoro, alale au asilale, asilazimishwe, na mwalimu mmoja yule yule awe pembeni ampapase mgongo. Akilala usiondoke. Akiamka akukute pale pale, hiyo ndo sehemu yenyewe. Baadaye mwalimu anamlaza peke yake, wewe unakuja kabla hajaamka. Mpe na kanga yako uliyolalia, usiifue kwanza.

Kujikojolea usimgombeze, badilisha nguo kimya, kutaisha kwenyewe akitulia. Jumatatu atasumbua zaidi kwa sababu ameshinda na wewe Jumamosi na Jumapili, usikate tamaa kwa Jumatatu.

MamaPacha, kwamba wengi wananyamaza baada ya muda mfupi uko sahihi. Lakini kuchomoka ndo kumemfikisha hapa huyu.

Mzee_wa_Ushahidi
Hii chai jamani, na nyie mnakunywa. Mleta uzi kajiunga mwezi huu huu. Ticha naye kila uzi wa watoto yumo, maswali yameingia kama wamepanga. Dei kea gani inaruhusu dada wa mtu kushinda ndani wiki nzima? Ya mwanangu mzazi mwenyewe anaishia getini. Mtaona mwishoni linashushwa tangazo la shule. Na mtoto wa miaka miwili ataunganishaje godoro na dada? Mimi sikumbuki chochote cha umri huo.

Chalii_wa_Moshono
Mzee wewe hukumbuki hata ulichokula jana.

Mangi_Kibosho
Ila kuhusu kujiunga ana hoja. Mleta uzi jitetee.

MamaChalii_Sakina
Nimejiunga kwa sababu ya hili tatizo, ningejiunga kwa sababu gani? Na siyo shule ya magorofa hiyo, ni nyumba ya mama mmoja na msaidizi wake, watoto hawafiki kumi. Mnataka nipige picha ya godoro?

Ticha_Pasua
Mzee, mimi niko Pasua Moshi, yeye yuko Sakina, nani atamtoa mtoto Arusha kila asubuhi aje kwangu? Kutokumbuka ukiwa mtu mzima ni kitu kingine. Ya wiki iliyopita mtoto wa miaka miwili anayakumbuka vizuri, hawezi tu kuyasimulia. Muulize yeyote aliyewahi kuahidi pipi.

Mzee_wa_Ushahidi
Haya. Nasubiri tangazo.

MamaChalii_Sakina
Ticha asante lakini hayo ni ya mama wa nyumbani. Saa saba mchana ndo wateja Kilombero, nani atakaa kwenye kibanda? Baba yake yuko Mererani anarudi wikendi. Mimi bado naona shule mpya yenye walimu wengi ni bora.

BibiHaruni_Moshi
Mjukuu wangu, jirani wa kibanda hayupo? Sisi sokoni tulikuwa tunashikiana biashara. Mie nilimwacha mama yake Haruni kwa dada yangu Uru nikaenda kuvuna kahawa, niliporudi alininyima mkono siku mbili. Hakulia, hakuniangalia tu.

Ticha_Pasua
Kama wewe huwezi, aje mtu mwingine, ila awe mmoja kila siku na mtoto awe anamjua. Hata baba akiomba likizo fupi. Nisikudanganye, wengine wanatulia ndani ya wiki mbili tatu, wengine mwezi unapita. Ukipita huo mwezi, umefuata yote, na bado hali wala hachezi, hapo tuongee habari ya kuhama au kumpumzisha.

Na dada ampigie simu. Mtoto asikie sauti, amwone kwenye vidio, aambiwe dada yuko kwao, hajapotea. Atalia akimwona, muache alie.

MamaChalii_Sakina
Hapokei simu zangu.

Ticha_Pasua
Kwa nini?

MamaChalii_Sakina
Kuna mshahara wa mwezi wa mwisho sijammalizia. Ile hela ndo nililipia fomu.

Mangi_Kibosho
🤣🤣 Mzee wa Ushahidi njoo, hii siyo chai, chai haina madeni.

MamaPacha_Usa
Mtumie hela ya watu kwanza, halafu utume na picha ya mtoto.

MamaChalii_Sakina
Nitamtumia Ijumaa nikishauza mzigo wa majaketi. Wale wa fomu nimewapigia, wamekataa kurudisha. Jirani yangu wa kibanda amekubali kuniangalizia mpaka saa nane, ila anataka na mimi nimfungulie Jumamosi asubuhi anapokwenda kanisani kwake.